Jinsi ya kutunga shairi la wosia kwa vijana wanaovuka utotoni

Mwongozo huu unahusu shairi la aina moja tu: tarbia ya beti sita yenye kibwagizo, inayoghanwa mbele ya vijana wa miaka 13 hadi 16 siku wanapoagwa utotoni. Hapa Mwanza sherehe hiyo ina sura nyingi. Familia za Kikurya zilizohamia kutoka Mara huja na jando lao, zenye asili ya pwani na kusini huja na unyago wao, na nyingine nyingi hukusanya vijana uani baada ya kipaimara au mahafali ya darasa la saba, kisha babu na shangazi hupewa nafasi ya kusema. Kwa kuwa uani hapo hukaa Msukuma, Mkerewe, Mhaya na Mjaluo, lugha ya wosia huwa Kiswahili, na shairi linalofaa ni lile ambalo mtoto wa miaka 6 aliyekaa mbele anaweza kuliitikia na bibi aliyekaa nyuma anaweza kulikosoa.

Tuseme sherehe inafanyika Igombe, wilayani Ilemela, karibu na mwalo ambako dagaa huanikwa, na wewe umeombwa utunge shairi juu ya wajibu, heshima na kujizuia.

Kabla ya kalamu: uliza mambo, usiulize maadili

Ukiwauliza wazazi wanataka vijana waambiwe nini, watakujibu kwa majina ya maadili: wawajibike, waheshimu, wajizuie. Majibu hayo hayatungiki. Neno "uwajibikaji" peke yake lina mizani sita, yaani silabi sita, na kipande cha mshororo kina mizani minane tu, kwa hiyo ukiliweka umebakiwa na nafasi ya silabi mbili za kusema jambo lolote. Tena kijana amelisikia neno hilo kwenye hotuba nyingi kiasi kwamba halimgusi tena.

Waulize badala yake: mara ya mwisho mlipogombana na kijana huyu ilikuwa kwa sababu gani? Hapo ndipo utasikia kwamba alitumwa dukani hakurudisha chenji, kwamba aliazima ndoo ya jirani ikapotea naye akanyamaza, kwamba anaamka jua likiwa limepanda, kwamba anamjibu mama yake huku akitazama simu. Utasikia pia mambo ya mwambao huu hasa: kijana anapata noti mbili tatu kwa kubeba na kuanika dagaa, kisha shule inaanza kumwonekea mzigo, au kuna wenzake wakubwa wanaomwita nyuma ya vibanda kwenye gongo na bangi. Andika mambo kumi na tano hivi, kisha chagua yatakayoingia beti nne za katikati, matatu kwa kila ubeti. Beti mbili zilizobaki ni za kufungua na kufunga.

Jambo moja litengwe mapema. Mafundisho ya mwili, hedhi na unyumba hayaingii katika shairi la hadharani. Hayo yana mahali pake, kwa shangazi au bibi upande wa wasichana na kwa mjomba au babu upande wa wavulana, mlango ukiwa umefungwa. Shairi linaweza kuonya juu ya mapenzi ya mapema kwa mshororo mmoja, likaishia hapo. Nimewaona watunzi wakijaribu kufundisha yote kwa mafumbo mbele ya umati, na matokeo yake huwa kicheko cha vijana na aibu ya wazazi.

Kwa nini tarbia, na si utenzi

Utenzi una mizani minane kwa kila mshororo na unabeba hadithi au nasaha ndefu bila kuchosha mtungaji. Lakini utenzi hausubiri mtu aitikie, unakwenda mbele. Sherehe inataka umati uwe shahidi wa yanayosemwa, na njia rahisi ya kuufanya shahidi ni kuupa mshororo wake. Tarbia ina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo una mizani kumi na sita iliyogawanyika vipande viwili vya minane minane: ukwapi kushoto na utao kulia. Mshororo wa nne ukirudiwa kila ubeti unakuwa kibwagizo, na huo ndio wa umati.

Beti sita zinatosha. Ubeti unaoghanwa kwa utulivu, pamoja na kiitikio chake, huchukua kama nusu dakika au zaidi kidogo, na vijana hawa watakuwa wamesimama juani. Ukifika beti kumi na mbili, utawaona wakubwa wakianza kutazama masufuria.

Anza na kibwagizo

Watu wengi hutunga ubeti wa kwanza kisha wakauacha mshororo wa nne ujitokeze wenyewe. Fanya kinyume. Kibwagizo kitasikika mara sita na ndicho kitakachobaki vichwani, kwa hiyo kitungwe kwanza, na beti zote zijipange nyuma yake. Kiwe amri moja yenye picha moja, kisiwe na neno gumu, na utao wake uwe mwepesi wa kuitikiwa na watu ambao hawajapata nafasi ya kufanya mazoezi.

Kwa Igombe, picha iko mbele ya macho:

Shika kasia mwanangu, sasa umo safarini.

Hesabu kwa kugonga meza: shi-ka-ka-si-a-mwa-na-ngu, minane, sa-sa-u-mo-sa-fa-ri-ni, minane. Mghani atasema ukwapi, umati utajibu utao. Kasia linashikwa na msichana kama linavyoshikwa na mvulana, jambo ambalo si dogo, kwa sababu picha za mkuki au jembe la baba zingewaacha nusu ya waliosimama pale wakidhani hawasemwi wao.

Utaulizwa kwa nini "mwanangu" na si "wanangu" wakati vijana ni wengi. Wingi ungeongeza mizani ("shikeni") na, zaidi ya hapo, ungempa kila mmoja nafasi ya kudhani anasemwa mwenzake. Umoja unamkamata kila mtu peke yake. Ila ukishachagua umoja, shairi zima libaki katika umoja. Ubeti mmoja ukisema "amkeni" na mwingine "amka", sikio litajikwaa hata kama mizani imetimia.

Kusanya vina kabla ya mistari

Sasa amua vina. Kibwagizo kimeshafunga vyake: -ngu katikati na -ni mwishoni. Mishororo mitatu ya juu ya kila ubeti nakushauri uipe vina vyake, vikibadilika ubeti hadi ubeti, mpangilio unaoitwa ukaraguni. Mtiririko, yaani vina vilevile kutoka mwanzo hadi mwisho, unavutia sana kwenye karatasi, lakini katika shairi la wosia humlazimisha mtungaji aseme kinachopatikana badala ya kinachotakiwa.

Jihadhari na vina vya bure. Kiswahili kinakuruhusu kutia -ni nyuma ya nomino nyingi za mahali, na vitenzi vyetu vingi huishia na -a, kwa hiyo mtu anaweza kujaza ukurasa mzima kwa "nyumbani, shuleni, njiani" au "kupenda, kutenda, kwenda" akadhani ametunga. Wazee wa mashairi husikia uvivu huo mara moja. Chukua silabi yenye konsonanti iliyo wazi, kama -to, -mbo, -ngo au -le, kisha andika pembeni maneno yote unayoyakumbuka yenye kina hicho, kabla hujaandika hata mshororo mmoja. Kwa -mbo nilipata fimbo, chombo, fumbo, jambo, wimbo, kombo, urembo. Ukitazama orodha hiyo ukiwa na malalamiko ya wazazi mkononi, mistari inaanza kujileta: fimbo inakwenda na kuamka, chombo kinakwenda na kutumwa, fumbo linakwenda na kuficha kosa. Ubeti wa wajibu umepatikana.

Shairi lenyewe

Leo tumekusanyika, kuyaaga ya utoto,
Mzigo tunakutwika, uujue na uzito,
Maji unayoyavuka, ni ya ziwa si ya mto,
Shika kasia mwanangu, sasa umo safarini.

Amka ufanye kazi, usisukumwe na fimbo,
Wakikutuma wazazi, rudi na chenji na chombo,
Ukikosa sema wazi, usilifumbe kwa fumbo,
Shika kasia mwanangu, sasa umo safarini.

Salimia kwa wepesi, babu, shangazi na mama,
Usijibu kwa matusi, hata wakikusakama,
Mwenzako mpe nafasi, usimseme kwa nyuma,
Shika kasia mwanangu, sasa umo safarini.

Mwaloni kuna samaki, na noti huko ni tele,
Usiache kwa riziki, masomo yako ya shule,
Ukiitwa na rafiki, tazama kwanza ya mbele,
Shika kasia mwanangu, sasa umo safarini.

Ikikupanda hasira, ulimi utie lango,
Kataa bila papara, bangi, sigara na gongo,
Penzi changa ni hasara, lisikuvunje mgongo,
Shika kasia mwanangu, sasa umo safarini.

Keti imara, thabiti, pepo zikivuma kali,
Shahidi huu umati, wosia huu ni mali,
Hapa naweka tamati, Mungu akupe akili,
Shika kasia mwanangu, sasa umo safarini.

Kupima mizani

Hapa ndipo mashairi mengi ya sherehe huharibika, na dalili yake huonekana kwenye kughani: mghani anakimbiza kipande kimoja na kukivuta kingine. Kanuni ni kwamba kila silabi ni mizani mmoja, na kosa kubwa liko kwenye *m* na *n*. Herufi *m* inayosimama peke yake mbele ya konsonanti nyingine huwa silabi kamili: m-to ni miwili, m-zi-go ni mitatu, m-pe ni miwili, u-m-ri ni mitatu, a-m-ka ni mitatu. Lakini inapoungana na sauti inayofuata kwa pumzi moja haihesabiwi peke yake: mbe-le ni miwili, mbo ya "fimbo" ni mmoja, mwe-nza-ko ni mitatu. Ndiyo maana "ni ya ziwa si ya mto" imetimia: ni-ya-zi-wa-si-ya-m-to. Mtu anayeisoma "mto" kama silabi moja ataiona ina saba na ataongeza neno lisilotakiwa.

La pili ni irabu zinazofuatana. "Huu" ni hu-u, miwili. "Kuyaaga" ni ku-ya-a-ga, minne. Sikio hudanganya hapa, kwa sababu tunaposema kwa haraka irabu mbili zinameza moja. Usiamini sikio la haraka, gonga meza.

Mizani ikizidi, usikimbilie kukata neno. Utao wa kwanza wa ubeti wa mwisho unaweza kukujia kama "mawimbi yakiwa makali", nao una mizani tisa. Washairi wana ruhusa ya inkisari, yaani kufupisha neno, kama "waliosema" kuwa "walosema", na wana mazida, yaani kulirefusha. Lakini hapa hakuna cha kukata bila kuvunja upatanisho wa sarufi. Badilisha jambo lenyewe: mawimbi yaende, upepo uje, na "pepo zikivuma kali" inakaa kwenye minane bila jeraha. Vivyo hivyo "Dada yako mpe nafasi" ina tisa. "Mwenzako mpe nafasi" ina minane, tena imepanua wosia, kwa sababu sasa inamlinda msichana mbele ya mvulana na mvulana mbele ya msichana. Mara nyingi mizani inayozidi ni ishara kwamba jambo lenyewe halijachaguliwa vizuri.

Inkisari moja kwa ubeti inavumilika. Zikiwa tatu, kijana aliyekulia Kiswahili cha mjini ataanza kusikia lugha asiyoijua, na wosia utampita.

Kupima ukweli

Shairi likishatimia vina na mizani, lisomee watu wawili kabla ya sherehe, na wawe tofauti. Wa kwanza awe mtu wa ziwa. Ubeti wa sita ungeweza kuanza kwa "Simama uwe thabiti", ambayo ina mizani minane kamili na inasikika vizuri mjini. Mvuvi yeyote wa Igombe angeicheka, kwa sababu anayesimama mtumbwini upepo ukivuma ndiye anayeupindua. Kwa hiyo "keti". Picha ikishakuwa ya chombo majini, itii sheria za majini kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na ndiyo sababu ubeti wa kwanza unatofautisha ziwa na mto: anayejua kuvuka mto kwa kuiona ng'ambo yake hajajua kuvuka maji ambayo ng'ambo yake haionekani.

Wa pili awe mama mwenye kijana wa umri huo, na umwombe akwambie ni wapi kijana wake angekunja uso. Ubeti wa mwaloni ndio wenye hatari zaidi. Baadhi ya vijana waliosimama pale hubeba dagaa kwa sababu nyumbani hakuna mtu mwingine wa kuleta pesa, na shairi linalowatukana kwa kazi hiyo litawaumiza mbele ya wenzao. Ubeti huu hausemi mwalo ni mbaya. Unakiri kwamba pesa ipo, kisha unaomba shule isiachwe. Mtungaji aliye na hasira na mwalo angeandika "mwaloni kuna uhuni", na angekuwa amewapoteza wale hasa aliokuja kuzungumza nao.

Nina shaka moja na ubeti wa tatu, nitaisema wazi. "Usijibu kwa matusi, hata wakikusakama" inaweza kusikika kama amri ya kunyamaza kijana anapoonewa na mtu mzima. Kama kwenye sherehe yako kuna sababu ya kuogopa maana hiyo, yule shangazi au babu anayepewa nafasi baada ya shairi aongeze kwa maneno ya kawaida kwamba kuacha matusi si kuficha madhara, na amtaje kwa uhusiano mtu ambaye kijana anaweza kumwendea. Shairi la mizani kumi na sita haliwezi kubeba kila ufafanuzi, na halipaswi kujaribu.

Siku ya kughani

Chagua mghani mwenye sauti ya kufika nyuma bila kipaza sauti, kwa kuwa spika za kukodi hukoroma na kula konsonanti, na shairi lenye vina vya -mbo na -ngo likipoteza konsonanti limepoteza kila kitu. Shangazi anafaa kama babu. Kabla ya ubeti wa kwanza afundishe umati kiitikio mara mbili: yeye aseme "Shika kasia mwanangu", wao wajibu "sasa umo safarini". Baadhi watataka kuitikia mshororo wote. Waachie, lakini wazee wa mbele washike utao ili usipotee.

Mahadhi yawe ya polepole, na pumzi ikatwe mahali pa mkato kati ya ukwapi na utao, si mahali pengine. Mwisho wa mshororo wa tatu asimame kidogo kabla ya kibwagizo, maana umati unahitaji kuisikia nafasi yake ikifunguka. Kama kuna ngoma, ipigwe wakati wa kiitikio pekee. Ngoma inayopigwa chini ya wosia huwapa vijana sababu ya kucheza badala ya kusikiliza, na Mwanza hakuna mtu anayeweza kulaumiwa kwa kuitikia ngoma.

Vijana wasimame wakimtazama mghani, na katika ubeti wa sita, kwenye neno "shahidi", mghani awageuze kwa ishara ya mkono wautazame umati. Hilo lifanyiwe mazoezi siku moja kabla, la sivyo watagongana.

Kila kijana apewe nakala iliyochapwa, yenye jina lake na tarehe. Mwelekeze mchapaji wa steshenari aweke ukwapi na utao kwenye mstari mmoja, mkato katikati, na aache nafasi kati ya ubeti na ubeti. Wachapaji wengi, wakiona mstari mrefu, huuvunja mara mbili ili ukurasa upendeze, na tarbia ya mishororo minne inatoka na mistari minane ambayo kina chake cha kati hakionekani tena. Ikikataa kuingia, punguza ukubwa wa herufi au geuza karatasi ilale.